Mpasuko na integrali: jinsi RMN ya protoni inavyothibitisha esta ya ndizi

Hapa Bukavu kila mtu anaijua harufu ya asetati ya isoamili hata kama jina lake hajawahi kulisikia. Ni ile harufu ya ndizi mbivu, na ukiinamia kikombe cha kasiksi utaikuta na humo pia. Wanafunzi wa kemia huitengeneza kwa kuchemsha asidi asetiki na alkoholi ya isoamili pamoja na matone ya asidi salfuriki. Baada ya saa moja labo nzima inanukia ndizi, na kila mmoja anaamini kazi imekwisha.

Lakini pua inaikamata esta hii hata ikiwa kidogo sana. Chupa ambayo nusu yake ni alkoholi isiyobadilika itanukia ndizi vilevile. Ndiyo maana tunahitaji spektra ya RMN ya protoni, yaani resonansi ya magnetiki ya nyuklia: mchoro wa vilele vinavyotoka kwa haidrojeni za molekuli. Ndani ya spektra hiyo kuna mambo mawili ya kusoma kwa makini: integrali na mpasuko.

Integrali ni ukubwa wa eneo lililo chini ya kilele. Eneo hilo huenda sambamba na idadi ya protoni, yaani haidrojeni, zinazotoa kilele hicho. Haikupi idadi moja kwa moja, inakupa uwiano tu. Mpasuko ni jinsi kilele kimoja kinavyogawanyika kuwa mistari kadhaa kwa sababu ya haidrojeni zilizo kwenye kaboni ya jirani. Jirani wakiwa n, mistari huwa n + 1. Kwa hiyo integrali inajibu swali la "ninyi ni wangapi?", na mpasuko unajibu swali la "mnapakana na wangapi?"

Tuichukue molekuli yenyewe, CH3COOCH2CH2CH(CH3)2, tuipitie kutoka kushoto. Haidrojeni 3 za upande wa asidi zimekaa karibu na kabonili, kaboni isiyo na haidrojeni hata moja. Hazina jirani, kwa hiyo zinatoa mstari mmoja, singleti, kwenye 2.04 ppm, kipimo cha mahali kilele kilipo kwenye spektra. Haidrojeni 2 zinazofuata oksijeni zinapakana na CH2, kwa hiyo zinatoa mistari mitatu, tripleti, kwenye 4.09. CH2 inayofuata ina jirani watatu na inatoa mistari minne karibu na 1.52. Metili mbili za mwisho ni haidrojeni 6 zinazofanana, jirani wao ni mmoja tu, kwa hiyo zinatoa mistari miwili mirefu, dubleti, kwenye 0.92.

Imebaki haidrojeni moja, ile ya CH, karibu na 1.68. Hii inapakana na 6 za metili na 2 za CH2, jumla 8, kwa hiyo inapaswa kuonyesha mistari tisa. Mwanafunzi akihesabu atapata saba, pengine mitano, na anaanza kushuku molekuli. Asishuku. Urefu wa mistari hiyo hufuata uwiano wa 1:8:28:56:70:56:28:8:1, na ule wa pembeni kabisa ni mfupi mara 70 kuliko wa katikati. Unazama kwenye kelele za chini ya spektra. Ipandishe spektra sehemu hiyo na mistari iliyofichika itaanza kutokea.

Sasa jambo ambalo huwachanganya wengi. Alkoholi ya isoamili nayo ina tripleti ya haidrojeni 2 karibu na oksijeni, ina dubleti ya 6, ina kila kitu cha upande wa kulia. Mpasuko wake haubadiliki inapogeuka esta, maana jirani ni wale wale. Tena, ukichanganya tu moli moja ya asidi asetiki na moli moja ya alkoholi bila kuchemsha chochote, integrali itakupa 3 kwa 2 kwa 6 kama esta safi! Kinachoonyesha kwamba kifungo kimefungwa ni tripleti kuhama kutoka 3.66 kwenda 4.09, kwa sababu kabonili iliyoshikwa na oksijeni inavuta elektroni. Mpasuko unakuambia kwamba kilele kilichohama ni kile cha CH2 unayoitafuta. Integrali inakuambia ni sehemu gani imehama. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, mahali pa kilele, mpasuko au integrali, ushahidi una tundu.

Nieleze kwa mfano wa labo. Tulitia mililita 10 za alkoholi na 10.5 za asidi asetiki, yaani asidi karibu mara mbili kwa moli. Tukachemsha, tukaosha kwa bikaboneti ya sodiamu hadi mapovu yakaisha, tukakausha. Spektra ilipofika, tripleti ya 4.09 tuliipa thamani ya 2.00. Singleti ikasoma 3.02, vizuri. Dubleti ya 0.92 ikasoma 7.50.

"Mwalimu, lakini inanukia ndizi kabisa," mmoja akaniambia, kalamu imesimama juu ya ile 7.50.

Nikamwomba aangalie 3.66. Pale kulikuwa na tripleti ndogo yenye integrali 0.50. Hiyo ni alkoholi iliyobaki. Haidrojeni 2 za esta zinasoma 2.00 na haidrojeni 2 za alkoholi zinasoma 0.50, kwa hiyo esta ni 2.00 juu ya 2.50, sawa na asilimia 80 kwa moli. Metili za alkoholi zinaangukia palepale penye metili za esta, nazo zinaongeza robo ya 6, yaani 1.50. Ndiyo ile 7.50. Kumbe namba iliyoonekana mbovu ilikuwa inasema kweli.

Kama ingekuwa asidi ndiyo iliyobaki, dalili ingekuwa kwenye singleti. Metili ya asidi asetiki iko kwenye 2.10, jirani kabisa na 2.04, na kwenye ala ndogo vilele hivyo viwili hushikana. Singleti ikisoma 3.60 badala ya 3.00, gawanya ile 0.60 kwa 3, na una moli 0.2 za asidi kwa kila moli ya esta. Kilele kipana karibu na 11 kitaunga mkono.

Sehemu ya 1.5 mimi siihesabu kamwe. Maji yaliyomo kwenye kiyeyushi chetu, CDCl3, yanatokea 1.56, juu ya CH2 yetu, na yanavimbisha integrali. Pia ala ikipiga mapigo haraka mno, protoni zinazotulia polepole hazipati muda wa kurudi, na eneo lake linapungua. Sekunde kadhaa zaidi kati ya pigo na pigo hurekebisha hilo, ila hata hivyo tofauti ya asilimia chache isikupe wasiwasi.

Kunereka kusingetusaidia sana: alkoholi inachemka karibu na digrii 131 na esta 142. Maji nayo yanaiondoa alkoholi hiyo kwa shida. Asidi ndiyo rahisi kuosha. Basi tukairudisha esta kwenye balo na asidi asetiki mpya kwa wingi, tukachemsha tena, tukaosha. Spektra ya pili ilionyesha 0.05 kwenye 3.66, na dubleti ikashuka hadi 6.15.