Kuomba mahakama ikuruhusu kulipa deni la hukumu kwa awamu

Katika dawati letu la msaada wa kisheria, maombi mengi ya kulipa kwa awamu hukwama kwa sababu ya hesabu. Mdaiwa huandika kiasi anachoona kinasikika vizuri, na hakimu akikipima anaona deni halitaisha.

Chukua mfano. Hukumu ni 600,000, na mahakama imeagiza riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni 6,000. Ukiomba kulipa 5,000 kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa 60,000, ilhali riba imefika 72,000. Sasa unadaiwa 612,000. Mdai akipinga ombi la namna hiyo, ana haki ya kupinga.

Anza basi na kipato chako. Mdaiwa wa mfano wetu analipwa 110,000 kwa mwezi: kodi ya nyumba 25,000, chakula 30,000, nauli na ada ya watoto 20,000. Zinabaki 35,000. Namshauri aahidi 30,000, ile 5,000 ibaki kwa ajili ya mwezi ambao mtoto ataugua. Kwa kiasi hicho, ikiwa riba inatozwa kwenye salio, deni linaisha katika miezi 23. Akiweza kutanguliza 100,000, miezi inashuka hadi 19, na malipo hayo ya mwanzo huonyesha nia njema kuliko maneno yoyote.

Hesabu hiyo iandikwe kwenye hati ya kiapo inayoambatana na ombi, pamoja na hati za mshahara, taarifa ya benki na mkataba wa pango. Taja pia madeni mengine na mali uliyonayo. Ukificha kiwanja na mdai akakitaja mbele ya hakimu, hata yale ya kweli uliyosema hayataaminika. Wala usirudie kubisha deni lenyewe. Hilo ni la rufaa. Hapa unakiri deni na kuomba muda, na kukubali au kukataa ni hiari ya mahakama baada ya kumsikiliza mdai.

Kuna jambo linalowaumiza watu: katika mahakama nyingi, kuwasilisha ombi hakumzuii dalali wa mahakama kuja kukamata mali. Kinachomzuia ni amri. Kwa hiyo, ndani ya ombi hilohilo, omba utekelezaji usimamishwe kwa muda hadi usikilizwe, na usisubiri mpaka mali imeshaorodheshwa ili ipigwe mnada.

Ukikubaliwa, isome amri yote. Mara nyingi huwa na sharti kwamba ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo na mdai anaendelea kukazia hukumu. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, na utunze kila risiti. Kazi ikisimama au kipato kikipungua, rudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe kabla ya tarehe ya awamu inayofuata.