Kang'atwa na mbwa, kachomwa sindano ya pepopunda: inatosha?

Shikamoo daktari. Niko Mufindi. Mwanangu wa miaka 9 aling'atwa na mbwa kwenye shavu la mguu, leo siku ya nne. Zahanati walimchoma ya pepopunda, kidonda kinakauka. Mbwa hatumjui, katokomea. Kuna haja ya kumrudisha?

Marahaba mama. Ipo, tena leo hii. Sindano aliyopata inakinga pepopunda peke yake. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakiguswi nayo. Kosa hili nakutana nalo mara nyingi: mzazi anaona mtoto kachomwa sindano, anarudi nyumbani moyo umetulia.

Kirusi kinakaa kwenye mate ya mbwa. Jino linakipandikiza ndani ya msuli, na hapo kinaweza kubaki siku kadhaa, hata miezi, kabla ya kuingia kwenye ncha ya neva. Ndani ya kila neva kuna kitu kama reli ya TAZARA: mizigo inatoka kwenye uti wa mgongo kwenda misulini, na mingine inarudi. Kirusi hudandia treni ya kurudi. Kikishapanda, husafiri takriban sentimeta 5 hadi 10 kwa siku. Kutoka shavu la mguu la mtoto wa miaka 9 hadi kwenye uti wa mgongo ni kama nusu mita, kwa hiyo siku 5 hadi 10 zinatosha. Angeng'atwa usoni, safari ingekuwa fupi zaidi, ndiyo maana jeraha la uso au kichwa linatutia hofu kuliko la mguu.

Lakini msiitumie hesabu hiyo kujipa muda, kwa sababu hakuna anayejua treni imeondoka lini. Chanjo inahitaji kama wiki moja hadi mbili mwili utengeneze askari wa kutosha, na askari hao wanakikamata kirusi kikiwa bado nje ya neva. Kikishajificha ndani, hawakifikii.

Tufanye nini sasa hivi, kabla hatujapata gari?

Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mkiangalia saa, hata kama kimeanza kukauka. Kama kuna majivu au dawa ya majani juu yake, itoke yote. Kisha spiriti au iodini.

Hospitalini ataanza chanjo siku hiyo, ambayo huhesabiwa siku ya 0, kisha atarudi siku ya 3 na ya 7. Akichomwa msulini, ataongezewa ya siku ya 14. Kama jino lilipenya ngozi na damu ikatoka, anahitaji pia immunoglobulini, yaani askari waliokwisha tengenezwa, wanaochomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Hiyo hutolewa pamoja na chanjo ya kwanza, au mwisho siku ya 7 baada yake.

Mbwa angekuwa anajulikana, mngemfunga na kumwangalia siku 10 huku chanjo ikiendelea. Akimaliza siku hizo mzima, maana yake siku ya kung'ata mate yake hayakuwa na kirusi. Huyu wenu katoweka, kwa hiyo tunamhesabu kuwa na kichaa.

Mbona pepopunda nayo wanasema inapita kwenye neva? Na kwa nini inakaza taya wakati mtu kajichoma mguuni?

Inapita reli hiyohiyo, ila abiria ni mwingine. Bakteria wa pepopunda wanaishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, na hawasafiri. Mgema wa ulanzi akichomwa unyayoni na kisiki cha mwanzi, wanabaki palepale kwenye tundu refu lisilopata hewa, wanatoa sumu. Sumu ndiyo inayopanda neva hadi kwenye uti wa mgongo, na nyingine inabebwa na damu hadi kwenye ncha za neva za mwili mzima. Neva za taya ni fupi, basi huko sumu inafika mapema, mguu unasubiri.

Ikifika, inazima breki. Kila msuli una seli zinazouambia "legea", na sumu inakata protini inayotoa ujumbe huo. Ndipo taya linafunga na mgongo unapinda kama upinde, mtu akiwa na akili zake timamu. Na aliyepona lazima achanjwe, maana sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga.

Tukisubiri tuone dalili kwanza?

Hapana, mama. Dalili ya kwanza huwa ndogo: kovu lililokwisha pona linaanza kuwasha au kufa ganzi. Siku hiyo kirusi kimeshafika kwenye uti wa mgongo, na hatuna dawa ya kukirudisha. Mkifika mapokezi semeni hivi: "Mbwa asiyejulikana, damu ilitoka, leo siku ya nne," na muulize kama immunoglobulini ipo kabla hamjakaa kwenye foleni.