Kufupisha simu ya kleimu maana yake nini hasa

Mtu akipigia kampuni ya bima kusema ameibiwa, simu inarekodiwa halafu inaandikwa neno kwa neno, hiyo ndo transkripti, na ya dakika ishirini tu inajaza kurasa kibao. Afisa wa kleimu anataka vitu viwili humo: nini kilitokea lini, na mteja kasema kapoteza nini. Kuvitoa hivyo viwili ndo kufupisha kwenyewe. Anayefupisha haamui nani alipwe, na wala hamrekebishii mteja maneno yake.

Tuchukue mfano wa kutunga. Jamaa ana duka la simu Mbagala, lina bima ya wizi, kapiga Alhamisi tarehe 14 saa nne asubuhi. Kama kawaida ya mtu aliyechanganyikiwa anaanzia katikati: "Dada nimefika nimekuta kufuli limekatwa, yaani simu zote hakuna, mlinzi anasema juzi usiku saa nane alisikia kelele akajua ni mbwa, mi nimefungua jana asubuhi saa moja ndo naona, nikaenda polisi mchana wakanipa RB."

Hapa kwenye saa ndo watu wanaharibu. Saa nane usiku ni 02:00, sio 8:00, na mtu aliyezoea kuandika saa za kompyuta akipitiwa tu wizi unahamia saa mbili usiku, muda ambao maduka mengine bado yako wazi na bodaboda wamejaa kijiweni, afisa anaanza kujiuliza iweje hakuna aliyeona. Halafu hiyo "juzi usiku": juzi ni Jumanne tarehe 12, ila saa nane ya usiku huo kwa kalenda tayari ni tarehe 13. Ndo maana Kiswahili kina "usiku wa kuamkia Jumatano", itumie, haimchanganyi mtu. Na inakubaliana na yeye kufungua duka jana, ambayo ni hiyo hiyo Jumatano. Isingekubaliana ungeandika zote mbili, usimchagulie.

Basi inatoka hivi:

Usiku wa kuamkia Jumatano 13, kama saa 8 (02:00): mlinzi alisikia kelele, akajua ni mbwa (mteja kaambiwa na mlinzi).
Jumatano 13, saa 1 asubuhi (07:00): mteja akuta kufuli limekatwa, simu hazipo (kaona mwenyewe).
Jumatano 13, mchana: aripoti polisi, apewa RB, namba hakuitaja.
Alhamisi 14, saa 4 asubuhi (10:00): apiga simu bima.

Hayo ya kwenye mabano usiyaache, aliyoona na aliyosimuliwa havina uzito sawa.

Kingine ni hii "eeh" yetu. Dada wa bima kauliza "kwa hiyo walivunja na mlango?" jamaa kajibu "eeh, sasa nikaita fundi". Hiyo eeh ni ndiyo, au ni ile ya nakusikia endelea? Bima za wizi mara nyingi zinataka dalili ya kuvunja kwa nguvu, so ukiandika "mteja amesema mlango ulivunjwa" umempa kauli ambayo pengine hakuitoa. Kwa mdomo wake mwenyewe kataja kufuli tu. Andika kufuli, mlango weka kwenye maswali.

Hasara nazo ni hivyo hivyo, namba zake kama alivyozitaja. Kasema simu 14, "kila moja kama laki mbili na nusu", mbele kidogo anasema simu "jumla milioni nne". Ukizidisha unapata 3,500,000. Kishawishi cha kurekebisha kipo lakini acha, andika zote mbili na useme hazilingani. Pesa ya droo alianza na laki sita, baadae akasema "hapana, sita na themanini, nilisahau ya uwakala", hapo kajirekebisha mwenyewe, so inabaki 680,000 na unaonyesha kwamba mwanzo alisema 600,000. Laptop kaitaja bila bei, iandike "bei haikutajwa", usiweke sifuri, maana sifuri ni bei. Kufuli na komeo jipya fundi kamwambia 180,000 ila hajamlipa, hayo ni makadirio. Na kalalamika siku mbili hajauza kitu. Hata kama unajua bima yake hailipi mauzo yaliyopotea bado inaandikwa, maana kaisema.

Jumla kuu mi siweki hapo. Ukijumlisha vitu ambavyo kimoja hakina bei na kingine kina bei mbili, afisa atashika hiyo namba moja ya mwisho na kumbana nayo mteja, wakati yeye hakuwahi kuitamka. Chini yake unaacha maswali ya kumpigia: namba ya RB, mlango ulivunjwa au kufuli tu, simu ni 3,500,000 au 4,000,000, laptop alinunua bei gani na risiti anayo.