Mtihani wa Kiingereza wa kol senta hupima nini hasa

Anayeomba kazi ya kol senta inayohudumia wateja wa nje mara nyingi hukalishwa mbele ya kompyuta kabla ya kuonana na msaili yeyote. Anavaa hedifoni, anasikiliza mteja akieleza shida yake kwa Kiingereza, kisha anaandika jibu ambalo mteja huyo angelipokea. Huo ndio mtihani wa pamoja: kusikia kwa usahihi, kujibu kwa adabu na kuandika kwa kibodi vinapimwa ndani ya kazi moja.

Vijana wengi hujiandaa kwa kukariri msamiati na kanuni za sarufi walizosoma skuli. Havipotei, lakini sipo hapo wanapoangukia. Wanaangukia kwenye nambari, saa, tarehe na herufi. Katika ukaguzi wa ubora wa kazi hizi, makosa hutengwa: kuna kosa dogo, kama herufi iliyoruka kwenye neno, na kuna kosa zito, yaani lile linalomwachia mteja taarifa isiyo sahihi. Barua yenye adabu zote lakini yenye saa isiyo sahihi inahesabika kuwa imefeli, kwa sababu mtu atasimama uwanjani akisubiri gari ambalo halijafika.

Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe. Kampuni inapanga magari ya kuwachukua wageni Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume na kuwapeleka Nungwi. Mteja anasikika akisema kwamba ndege yake imebadilishwa muda. Anataja nambari ya buking, anasema atatua tarehe 13 Disemba, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, na anauliza kama kiti cha mtoto kimo kwenye bei. Mtahiniwa amepewa pia karatasi ya maelezo: kubadilisha muda ni bure, kiti cha mtoto hakimo, kinalipiwa dola 10. Sauti inachezwa mara moja, na muda wa kuandika ni dakika tano.

Nambari ya buking ni EI4015. Mwingereza anapoitaja, herufi ya kwanza inasikika "i" na ya pili inasikika "ai". Sikio lililolelewa na Kiswahili linaandika IAI, na buking hiyo haipo kwenye mfumo. Sifuri nayo husomwa "ou", hivyo wengine wanaandika herufi O. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya kila siku ya kuandika herufi zinazotajwa na mtu mwingine, ukianza na A, E na I, kwa sababu hizo tatu ndizo zinazobadilishana nafasi kichwani mwetu.

Tarehe 13 inaponza kwa sababu nyingine. Kwa Kiingereza, 13 na 30 zinakaribiana sana, na kinachozitenganisha kwa sehemu kubwa ni mkazo: katika 13 sauti huwa nzito mwishoni, katika 30 huwa nzito mwanzoni. Sisi mkazo wetu hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatukuzoea kuusikiliza ili kujua nambari. Kwa anayesikiliza tarehe upo msaada wa ziada: tarehe 30 hutamkwa kwa silabi tatu, tarehe 13 kwa mbili.

Saa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, na ni mtego wetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Mteja amesema `ten to four`. Mtahiniwa anasikia kumi, anasikia nne, na papo hapo anajua kwamba nne ya Kiingereza alasiri ni saa kumi yetu. Sasa kichwani zimo kumi mbili, ya dakika na ya saa, na kwenye karatasi inatoka 10:04 au 4:10. Ushauri wangu ni kuandika saa kwa mtindo wa saa 24 palepale inapotajwa, 15:50, bila kuipitisha kwenye saa ya Kiswahili. Ukishaipitisha huko, umejipa kazi mbili za kutafsiri huku mteja anaendelea kusema.

Hili ni jibu la aina inayoonekana mara nyingi:

```
Dear customer, we received your email.
You must wait the driver at 10:04 on 30 December.
Don't worry.
```

Mteja alipiga simu, hakuandika barua pepe. Saa na tarehe si zake. Nambari ya buking haimo, na swali la kiti cha mtoto limeachwa. Kuna na kosa la sarufi, limekosekana neno `for` baada ya `wait`, lakini hilo ni dogo kuliko yote. Kwenye adabu, tatizo ni `You must`. Linamwamuru mtu ambaye hakukosa chochote. Maneno ya mwisho yanakusudia kumtuliza, ila bila taarifa iliyo sahihi hayamtulizi, yanamwonyesha kuwa hakusikilizwa.

Sasa jibu linalopita:

```
Thank you for calling about booking EI4015.
Your pick-up is now set for 13 December at 15:50,
at no extra cost. A child seat is not included in
the price. We can add one for 10 dollars.
Would you like us to do so?
```

Tazama lilivyobeba habari mbaya. Halikusema kwamba mteja amekosea kudhani, wala halikuomba radhi mara tatu kwa jambo ambalo si kosa la kampuni. Limesema kitu hakimo kwenye bei, likaweka njia mezani, kisha likamwachia uamuzi kwa swali linaloanza na `Would`. Adabu ya Kiingereza cha kazi iko hapo: ombi huwekwa kama swali, na lawama huondolewa kwa mtu na kuwekwa kwenye jambo lenyewe. Malipo yakichelewa, haiandikwi kwamba hukulipa. Huandikwa kwamba malipo bado hayajaonekana.

Tazama pia kilichoachwa. Jibu halikumwahidi kiti cha bure ili kumfurahisha. Mtahiniwa mkarimu hupoteza alama hapa, kwa kuwa ukarimu wake hauko kwenye karatasi ya maelezo na kampuni ingedaiwa kuutimiza.

Kuhusu kasi ya kuandika, watu huiogopa kupita kiasi. Huhesabiwa kwa kuchukua idadi ya herufi pamoja na nafasi, kugawa kwa 5, kisha kugawa kwa dakika. Jibu la hapo juu lina herufi zisizofika 250, yaani chini ya maneno 50 kwa hesabu hiyo. Anayeandika maneno 30 kwa dakika analimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika tatu zinazobaki azitumie kuhakiki kwa mpangilio huu: kwanza nambari, saa na tarehe dhidi ya alichoandika akisikiliza, pili kama kila swali la mteja limejibiwa, tahajia iwe ya mwisho. Wengi huanza na tahajia, muda ukaisha saa ikiwa bado ni 10:04.

Lafudhi haimo katika sehemu hii. Anayesema Kiingereza chenye sauti ya Wete au ya Makunduchi hapungukiwi alama kwenye jibu la kuandika, na penye mtihani wa kuzungumza hupimwa peke yake, zaidi kwa kueleweka.