Mshahara wa Januari na siku mbili za kuchelewa

Mwaka jana, tarehe 3 Aprili, aliingia ofisini kwangu hapa Dodoma fundi wa greda kutoka Kenya, amebeba bahasha moja. Alikuwa akichonga barabara kwa kampuni ya ujenzi, kwa mshahara wa shilingi 2,400,000 kwa mwezi, na hakuwa amelipwa Januari, Februari wala Machi. Bosi alikuwa amemwambia, "Ukienda kulalamika, nawapigia Uhamiaji."

"Wakili," akaniuliza, "nikidai, si nitafukuzwa nchini?"

Kabla ya kumjibu niliomba kuona vibali vyake. Mgeni anayeajiriwa Tanzania hushika karatasi mbili: kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja B, kinachotolewa na Uhamiaji. Vyote vimefungwa kwa mwajiri aliyetajwa ndani yake, na hapo ndipo vitisho hupata nguvu. Lakini tofautisha mambo mawili. Kudai mshahara hakufuti kibali. Kinachokiyumbisha ni ajira kukoma, kwa sababu kibali kilitolewa kwa ajili ya kazi ile.

Kwa hiyo nilimwambia, "Kaka, kesho nenda kazini kama kawaida. Usiandike barua ya kuacha kazi, na usisaini karatasi inayosema umepokea stahiki zako zote, hata wakikuambia ni ya kupokelea pasipoti tu." Nimeona wengi waliosusa kwa hasira. Mwajiri akaandika kwamba wametoroka kazini, akapeleka taarifa Uhamiaji, na mdai akabaki anajitetea badala ya kudai. Na kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004, kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali. Anayefukuzwa namna hiyo anapata dai la pili juu ya lile la mshahara.

Mlango wa madai ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, na Dodoma ina ofisi yake. Unajaza fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Usipofanya hivyo, siku ya usuluhishi inaweza kupotea kwa ubishi wa kama alipata taarifa au la. Huhitaji wakili: unaweza kuwakilishwa na chama cha wafanyakazi au mtu mwingine uliyemchagua. Hili lina uzito kwa mgeni, maana ukilazimika kuondoka nchini, mwakilishi anaweza kuendelea na shauri lako.

Kwenye muda ndipo tulipoumia. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ukiwemo mshahara, ndani ya siku 60 tangu ulipoanza. Mshahara wake wa Januari ulitakiwa kulipwa tarehe 31 Januari. Hesabu: Februari siku 28, Machi 31, jumla 59, hivyo siku ya 60 ilikuwa tarehe 1 Aprili. Alikuwa amechelewa siku mbili.

Tulijaza F.1 kwa miezi yote mitatu, na kwa Januari tukaongeza fomu F.2 ya kuomba kuongezewa muda. Maombi hayo yanataka sababu ya kutosha, kwa mfano kulazwa hospitali, tena kwa ushahidi. Yeye alikuwa na ujumbe wa simu tu: "vumilia, wiki ijayo". Ahadi za bosi peke yake ni sababu dhaifu, nami nilimwambia hivyo mapema. Ombi lilikataliwa. Februari na Machi ziliendelea.

Mkataba wa maandishi hakuwa nao, na hilo halikutuumiza. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi, ni juu yake kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Sisi tulileta taarifa ya benki ya miezi aliyolipwa na picha za daftari la mahudhurio alizopiga kila Jumamosi. Kwenye usuluhishi kampuni ilikubali kulipa shilingi 4,800,000, makubaliano yakasainiwa.

Ajira ilipokwisha baadaye, tulidai pia usafiri wa kumrudisha Nairobi alikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku alizosubiri kusafirishwa. Kabla hajaondoka kazini nilimtaka aende Uhamiaji mwenyewe akaeleze hali yake. Anayehitaji muda wa kukamilisha mambo yake huomba pasi maalumu, yaani ruhusa ya muda mfupi ya kubaki nchini, wakati kibali bado kiko hai. Na akipata mwajiri mpya, kibali cha kazi huombwa upya, kwa sababu cha zamani hakihamishiki.

Yote haya yanamhusu mwenye vibali. Kama mwajiri hakukuombea kibali kabisa, usianze na CMA peke yako. Mahakama zetu zimewahi kukataa kutekeleza mkataba wa mgeni asiye na kibali, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa. Tafuta wakili kwanza. Kama umefungiwa au umenyang'anywa pasipoti ili usiondoke, hilo si deni la mshahara tena. Ni jambo la polisi na ubalozi wako, siku hiyohiyo.

Yule fundi alilipwa miezi miwili. Mshahara wa Januari hakuupata.