Mgongo wa zulia: namna ninavyolitambua la mashine kwenye picha

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Shanty Town, Moshi, alinitumia picha ya zulia WhatsApp na swali moja: "Fundi, hili ni la mkono kweli? Wanataka milioni moja na laki nane." Zulia lilikuwa la mita 2 kwa 3, jekundu la kuiva, lenye ua kubwa katikati na maua madogo yakijaza pembe. Jirani yake alikuwa anahama, anauza vyombo, na alimwambia ni la Kiajemi, la sufu, limefumwa kwa mkono.

Mimi huosha na kukarabati mazulia hapa Arusha, na picha za namna hii hunifikia karibu kila wiki. Nikamjibu kwamba kwa picha ile siwezi kumwambia kitu. Alishangaa kidogo, maana picha ilikuwa nzuri, zulia zima linaonekana. Lakini uso wa zulia hukwambia mchoro ulitoka wapi, haukwambii nani aliufuma. Mji wa Kashan kule Iran una mafundi wanaofunga mafundo kwa vidole, na una viwanda vya mashine vinavyofuma michoro ileile. Gaziantep, Uturuki, kuna viwanda vingi vinavyotoa maua ya Kiajemi usiku na mchana. Wengine husema uangalie pembe: zikifanana zote nne basi ni mashine. Si kweli. Fundi wa karakana ya mjini hufuma akifuata mchoro uliochorwa kwenye karatasi ya miraba, na pembe zake hutoka sawasawa. Pembe zikigongana na ua likakatwa vibaya, hapo ndipo nafikiria mkono. Zikifanana, sijapata jibu.

Kwa hiyo nilimwomba picha tatu nyingine. Ya kwanza, kunja pembe moja ili mgongo uonekane pamoja na matamvua, uweke rula ya mwanafunzi juu yake. Ya pili, ukingo wa pembeni kwa karibu. Ya tatu, panua manyoya kwa vidole viwili mpaka shina lionekane. Zote zipigwe karibu na dirisha, mwanga ukitokea upande mmoja, bila flashi, kwa sababu flashi hufuta vivuli na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mafundo. Na azitume kama hati, si kama picha ya kawaida, la sivyo WhatsApp huibana picha na nyuzi zinageuka uji.

Picha ya mgongo ilipofika, mama alikuwa ameshaandika chini yake: "Maua yanaonekana mpaka nyuma, fundi. Si ndiyo dalili ya mkono?"

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumponza mteja kwa kanuni hiyo. Miaka ya mwanzo niliangalia picha ya mgongo, nikaona maua yametoka vizuri, nikamwambia anunue. Zulia lilipofika mezani kwangu kuoshwa, nikapitisha kidole mgongoni na nikajua papo hapo nimekosea. Mteja alikuwa ameshalipa. Jambo hilo bado linaniuma, na ndiyo maana siku hizi siachi picha bila rula.

Kanuni ile ina ukweli nusu. Mgongo uliofunikwa kitambaa kwa kawaida haukufungwa mafundo. Mazulia hayo hutengenezwa kwa kifaa cha sindano kinachoshikwa mkononi kama drili: kinachoma nyuzi kwenye turubai, halafu mgongo unapakwa gundi ya mpira na kubandikwa kitambaa. Lebo huandika "la mkono", na kweli kuna mkono uliolishika, ila hakuna fundo hata moja. Hayo ni rahisi kuyatambua. Ugumu uko kwenye mazulia ya mashine yaliyofumwa, kwa sababu nayo maua hutokeza nyuma.

Angalia mashine inavyofanya. Kwenye zulia kuna nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ndizo mtande, na zinazokatiza kwa upana, ndizo mshindio. Mashine nyingi hufuma mazulia mawili kwa pamoja yakitazamana, uzi wa manyoya ukipanda na kushuka kati ya migongo hiyo miwili, kisha kisu hupita katikati na mazulia yanaachana kama andazi lililopasuliwa. Kila uzi wa manyoya umepita chini ya mshindio na kurudi juu, basi. Haukuzunguka mtande, haukufungwa. Kwa kuwa umepita chini, rangi yake inaonekana mgongoni, na hapo ndipo mtu anadanganyika.

Fundi wa mkono yeye huchukua uzi mfupi, akauzungusha kwenye nyuzi mbili za mtande, akavuta, akakata. Mafundi wa Kituruki huzungusha nyuzi zote mbili. Wa Kiajemi mara nyingi huzungusha mmoja kamili na mwingine nusu. Akimaliza mstari mzima wa mafundo hupitisha mshindio, hugonga kwa kitana kizito, na kuanza mstari mwingine. Matokeo yake mgongoni ni vinundu vidogo, viwili viwili kwa kila fundo, kama punje za mtama zilizopangwa na mtu. Zulia likiwa limefumwa kwa mtande mmoja kuzama nyuma ya mwenzake, utaona kinundu kimoja tu. Kati ya mistari, mshindio hujitokeza hapa na kujificha pale.

Mgongo wa zulia la mama haukuwa na punje. Ulikuwa na mistari iliyonyooka kwa urefu, sambamba kama karatasi ya daftari, na rangi zilikaa kati yake kama vijistari bapa. Mshindio ulikuwa mnene, wa rangi ya gunia, unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho wa picha. Juu ya vyote kulikuwa na mng'ao hafifu, kama wanga uliokaukia kwenye kanga: ni gundi inayopakwa kiwandani ili nyuzi zisichomoke.

Lakini sipendi kutoa hukumu kwa macho tu, kwa hiyo tulihesabu. Nilimwambia aweke rula kwa urefu wa zulia, apige picha sehemu tatu zilizo mbalimbali: karibu na matamvua, katikati, na mwisho wa pili. Nikazikuza kwenye simu na kuhesabu mistari inayokatiza kwa upana ndani ya sentimeta 10. Ya kwanza 50. Ya pili 50. Ya tatu 50. Jioni ile ile nilichukua zulia la mkono ninalolirekebisha, la familia moja ya mjini hapa, nikahesabu vilevile: 36, 39, 34. Tofauti hiyo inatoka kwenye kitana. Mkono ukichoka hugonga kwa wepesi, asubuhi hugonga kwa nguvu, na mafundo hubanana au kuachana. Ndiyo maana nahesabu kwa urefu. Kwa upana, mtande umefungwa kwenye fremu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hata zulia la mkono hukaribia usawa.

Usihesabu sehemu moja ukaridhika. Wingi wa mafundo haukwambii kitu kuhusu mkono au mashine. Mashine inaweza kufuma kwa ubanifu mkubwa kuliko mafundi wengi. Unachotafuta ni kama hesabu inayumba.

Matamvua ndiyo yaliyomfanya mama abishe kidogo, na alikuwa na haki. Alikuwa amesoma kwamba matamvua ya mashine hushonewa, na ya kwake hayakushonewa. Yalitoka ndani ya zulia lenyewe. Ni kweli kwamba kwenye zulia la mkono matamvua ni ncha za mtande. Ila hata mashine ina mtande, na kiwanda kikitaka huacha ncha zake zining'inie. Upande mwingine, zulia halisi la mkono ambalo matamvua yake yaliliwa na viatu huenda limeshonewa mapya na fundi kama mimi. Kwa hiyo naangalia pale matamvua yanapoanzia. La mkono huwa na kipande chembamba kilichofumwa bapa bila manyoya, au mafundo ya vidole yasiyolingana urefu, kinachozuia mstari wa mwisho usifumuke. La mama lilikuwa limezuiwa kwa ovaloki, ileile ya fundi cherehani, uzi mweupe unaong'aa, mishono yote ina umbali mmoja.

Ukingo wa pembeni nao ulikuwa ovaloki. Na kwenye pembe ya mgongo, mahali rula ilipokuwa imelala, niliona matundu manne ya sindano na kipande cha uzi mweusi kimebaki. Hapo palikuwa na lebo iliyoshonwa, na mtu aliitoa.

Picha ya manyoya ilithibitisha yaliyobaki. Ukipanua manyoya ya zulia la mkono, chini kabisa unaona kola ya uzi imelala kukatiza mtande mbili, hilo ndilo fundo. Kwake nyuzi zilichipuka wima, hazina kola. Rangi ilishuka mpaka shinani, kwa hiyo angalau halikuwa zulia jeupe lililopigwa chapa juu. Hayo ukiyapanua unakuta weupe chini.

Nilimwandikia: mama, ni la mashine, limefumwa vizuri, lakini la mashine. Kuhusu sufu sikumjibu, kwa sababu picha haiwezi kutenganisha sufu na plastiki iliyotengenezwa vizuri, wala hariri na nyuzi za kuigiza hariri. Nilimwelekeza aombe ruhusa achomoe unyoya mmoja mgongoni karibu na ukingo, aushike kwa kibanio cha nyusi juu ya sahani, mbali na zulia, na auguse kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zinazoungua, huacha jivu jeusi linalopondeka kwa vidole, na moto ukiondolewa hujizima.

Baada ya nusu saa alinitumia picha ya mwisho: sahani nyeupe, na katikati yake kijishanga kigumu, chekundu cheusi, kisichopondeka. "Kimenuka mshumaa, fundi," aliandika. Ni polipropilini, yaani plastiki.

Alirudi kwa jirani na zile picha, wakakaa, wakakubaliana laki tatu na nusu. Sasa liko sebuleni kwake. Nimemwambia asilianike kwenye jua la mchana kutwa baada ya kuliosha, aligeuze mgongo juu, na asiweke jiko la mkaa karibu nalo, maana cheche moja huyeyusha manyoya na kuacha kovu ambalo hata mimi siwezi kulifuma upya.