Mlango Una Faida Kubwa Kuliko Kitanda, na Bado Usitengeneze Milango Peke Yake

Wiki iliyopita nilikuwa katika karakana ya useremala hapa Bagamoyo, nimekaa juu ya rundo la mbao za mninga, nikimsikiliza mwenye karakana akinieleza jambo ambalo nimeshaelezwa na wenye karakana wengi kabla yake. "Mwalimu, mlango wa kuchonga unaniachia laki moja na nusu, kitanda kinaniachia laki moja. Sasa hesabu gani tena unataka kunifanyia? Tutachonga milango." Mzee huyu nimemheshimu kwa miaka mingi, na milango yake inastahili kila shilingi inayolipwa, lakini siku hiyo subira iliniishia. Nikaomba kipande cha plaiwudi, penseli ya fundi na skwea.

Karakana yake ina mafundi wanne wanaofanya kazi siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku, yaani saa 192. Mninga anaoupata kwa wiki ni mbao 48 za kipimo kimoja, na dalali wake hampi zaidi ya hapo kwa bei ya kawaida. Mlango mmoja unakula saa 24 na mbao 4, na kitanda kimoja kinakula saa 12 na mbao 6, kwa sababu kitanda kina mbao nyingi na kazi ya patasi kidogo. Tukiita idadi ya milango `x` na ya vitanda `y`, masharti ni haya:

```
24x + 12y ≤ 192   (saa)
 4x +  6y ≤ 48    (mbao)
```

Idadi ya bidhaa haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo tunabaki katika robo ya kwanza ya grafu. Mstari wa saa unatoka milango 8 kwenye mhimili mlalo hadi vitanda 16 kwenye mhimili wima, na mstari wa mbao unatoka milango 12 hadi vitanda 8. Mipango inayotekelezeka ni ile iliyo chini ya mistari yote miwili kwa pamoja, na eneo lake lina pembe nne: asili ya grafu, yaani sifuri na sifuri, milango 8 peke yake, vitanda 8 peke yake, na pale mistari inapokutana, ambapo ni milango 6 na vitanda 4. Haya yanafundishwa kidato cha nne, sitayarudia.

Milango 8 peke yake inaleta shilingi 1,200,000. Milango 6 na vitanda 4 inaleta 900,000 na 400,000, jumla 1,300,000. Mzee angekuwa anaacha laki moja kila wiki, na mbao 16 zingekuwa zinamlalia karakanani bila fundi wa kuzigusa. Alinyamaza kidogo, akasema labda mbao zikikaa zinakauka vizuri zaidi. Sikumjibu.

Mwanawe, ambaye amesoma biashara, akaingilia kati na sahihisho ambalo mimi naliogopa kuliko kosa lenyewe. Alisema baba yake angegawa faida kwa saa: mlango unalipa shilingi 6,250 kwa saa, kitanda kinalipa zaidi ya 8,300, basi jibu ni vitanda. Tukapiga hesabu. Mbao 48 zinatoa vitanda 8, ambavyo vinaleta 800,000 tu, na nusu ya saa za mafundi inapita bure. Kijana alikuwa ameweka rasilimali moja kwenye mizani na kuisahau ya pili. Angegawa kwa mbao angepata kinyume chake, maana kwa kila ubao mlango unalipa 37,500 na kitanda hakifiki 17,000. Vitu viwili vinapokuwa haba, na kila kimoja kinapendelea bidhaa yake, kugawa kwa kimoja peke yake ni kusikiliza upande mmoja wa kesi.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema, "Basi jibu ni pale mistari inapokutana," na mimi naudhika upya. Kukutana kwa mistari hakuna baraka yoyote ndani yake. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi wengi wanaotatua milinganyo miwili kwa pamoja, wanapata 6 na 4, wanachora kisanduku kuzunguka jibu na kufunga daftari, hata bila kuangalia faida ni kiasi gani. Nukta ile iliamuliwa na saa na mbao tu, na faida ilikuwa haijaulizwa chochote.

Faida inaulizwa hivi. Mlango mmoja una thamani ya kitanda kimoja na nusu, kwa kuwa 150,000 ni mara moja na nusu ya 100,000. Sasa simama kwenye vitanda 8 na uanze kuongeza milango ukifuata mstari wa mbao. Hapo kinachokubana ni mbao, na mlango unaokula mbao 4 unakunyang'anya theluthi mbili tu za kitanda. Unatoa theluthi mbili, unapokea kitanda kimoja na nusu, kwa hiyo endelea. Ukifika milango 6, kinachokubana kinabadilika na kuwa saa, na kuanzia hapo kila mlango wa ziada unakunyang'anya vitanda viwili kamili. Unatoa viwili, unapokea kimoja na nusu. Hapo simama. Kwenye plaiwudi nilimwonyesha jambo hilo hilo kwa macho: nilichora mstari mmoja wa faida, yaani wa mipango yote inayolipa sawa, nikaweka skwea juu yake, nikaisukuma kuelekea nje bila kuigeuza pembe, na mahali pa mwisho ilipogusa lile eneo palikuwa ni ile kona ya 6 na 4.

Kona hiyo inashinda kwa sababu moja na nusu iko kati ya theluthi mbili na mbili kamili. Ikitoka nje ya mipaka hiyo, kona inapoteza ushindi ingawa mistari inakutana pale pale. Tuseme mnunuzi wa vitanda anabana bei mpaka kitanda kinaacha 70,000. Mlango sasa una thamani ya vitanda viwili na zaidi kidogo, na milango 8 inaleta 1,200,000 dhidi ya 1,180,000 ya ule mchanganyiko. Mzee angekuwa sahihi, ingawa kwa sababu isiyo sahihi. Nikiri pia kwamba kwa tofauti ya 20,000 mimi nisingeigeuza karakana nzima. Mstari wa faida unapokaribia kulingana na mstari wa saa, ukingo wote kati ya kona mbili unalipa karibu sawa (kitanda kikiacha 75,000 unalipa sawa kabisa), na hapo ni afadhali kumsikiliza mteja wa kudumu kuliko rula.

Neno "faida" ninalolitumia linahitaji maelezo mafupi. Ni bei ya kuuzia ukiondoa mbao, bawaba, misumari, msasa na vanishi. Mishahara sikuiondoa, kwa kuwa mafundi hawa hulipwa kwa wiki, wachonge au wasichonge. Kama wangelipwa kwa kipande, ningeiondoa. Kodi ya karakana usiigawanye kwa bidhaa hata kidogo, maana haipungui hata kitanda kikipungua.

Kwa kuwa bei ya kawaida ya mbao imeshatolewa ndani ya faida, swali la dalali linapata jibu safi. Dalali alikuwa tayari kuleta mbao 6 zaidi kwa wiki, kwa bei iliyozidi ya kawaida kwa shilingi 5,000 kila ubao. Mzee alidhani akipata mbao zaidi atatengeneza milango zaidi na vitanda zaidi. Sivyo. Mstari wa mbao ukisogea mpaka 54, mistari inakutana kwenye milango 5.25 na vitanda 5.5, yaani mbao zimeongezeka na milango imepungua. Saa hazijaongezeka, kwa hiyo kitanda kimoja na nusu cha ziada lazima kilipiwe kwa saa 18 zinazotolewa kwenye robo tatu ya mlango. Mzee aliirudia hesabu hii kwa penseli yake mwenyewe mara mbili kabla ya kuikubali. Vitanda vinaongeza 150,000, milango inapunguza 112,500, zinabaki 37,500, ambazo kwa mbao 6 ni 6,250 kwa kila ubao. Nyongeza ya 5,000 inalipa. Angetaka nyongeza ya 8,000, tungemuaga na kumtakia safari njema.

Robo ya mlango isikutishe. Mlango ulioanzwa Jumamosi unamaliziwa Jumatatu, na 5.25 kwa wiki ni milango 21 kwa wiki nne. Kukata desimali kunakuwa tatizo la kweli pale unapotengeneza vitu viwili au vitatu kwa mwezi, na hapo usiikadirie namba kwa kuipeleka kwenye nzima iliyo karibu, bali jaribu nukta nzima zilizo ndani ya eneo, moja baada ya nyingine.

Kinachonikosesha usingizi ni zile saa 24 za mlango. Tulikuwa tumezipima kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo, na milango ilitofautiana kutoka saa 19 hadi 31 kulingana na nakshi. Mwaka 1939 mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich alichapisha kazi yake ya mwanzo kuhusu hesabu za namna hii baada ya kuombwa ushauri na maabara ya shirika la viwanda vya plaiwudi, na mashine za kumenya magogo nadhani zilikuwa na adabu kuliko fundi anayechonga maua ya yungiyungi.

Kubwa zaidi nililikosea mwenyewe. Nilikuwa nimeshaandika mpango wa 6 na 4 ubaoni, ndipo mchongaji mkubwa wa karakana, aliyekuwa kimya muda wote akinoa patasi, akaniuliza, "Mwalimu, hizo saa 192 umezihesabu za nani?" Mafundi wanaojua kuchonga ni wawili tu. Wawili wengine wanapiga randa na kuunga viungo vizuri sana, lakini hawagusi nakshi. Katika saa 24 za mlango, 14 ni za kuchonga, na wachongaji wana saa 96 kwa wiki, kwa hiyo kuna mstari wa tatu, uliosimama wima, kwenye milango 6.86. Bahati ikanilinda: milango 6 inahitaji saa 84 za kuchonga na mpango ukapita. Lakini ile kona ya milango 8, ambayo mzee alikuwa akiitetea tangu asubuhi na ambayo mimi nilikuwa nikiipigia hesabu kwa makini, haikuwa ikiwezekana wiki hata moja. Nikauchora mstari ule kwenye plaiwudi, mchongaji akautazama, akachukua penseli na kuusogeza kushoto kidogo, kwa sababu Ijumaa mchana yeye huwa msikitini.